Kasema "Mwangaluka", unamjibu masharti?

Wadau, mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mteja akiandika salamu kwenye WhatsApp Business, simu yangu ilikuwa inamjibu yenyewe: "Hatukopeshi. Hatuuzi chini ya gunia. Hatutumi mzigo kabla ya malipo." Nikajiona mjanja, nimekwepa wasumbufu.

Mama mmoja wa Geita akaniandikia "Mwangaluka". Akapokea hayo masharti, akanyamaza. Wiki iliyofuata nikamkuta kwa jirani yangu anapakia magunia manne, kalipa keshi. Akaniambia, "Mwanangu, nilikusalimia tu, ukanijibu kama nimekuja kukopa."

Na kweli, masharti yote matatu hayakumhusu. Anayesalimia hajaomba kitu bado, anaangalia kama upo na kama unaongeleka. Ukianza na "hatu-, hatu-" unamkatalia asichoomba.

Tena ujumbe ule wa salamu hauendi kwa wageni tu. Hata mteja wa zamani akikaa kimya siku 14, akiandika tena unamfikia. Hebu fikiria umenunua kwangu mwaka mzima, halafu nakwambia hatukopeshi!

Sasa nimeweka: "Salama, karibu sana. Unahitaji dagaa kiasi gani?" Mwangaluka sikuiweka, maana ni ya asubuhi na simu ingeituma hata usiku. Akiandika shikamoo, marahaba naiandika mwenyewe. Masharti sijayafuta. Juzi mmoja kaomba nusu gunia, ndipo nikamwambia, "Naanzia gunia moja, ila jirani yangu anapima kwa kilo, nikuunganishe?"