Alama tano chini ya karatasi hazimlindi mtoto

Goma – Shirika moja la hapa mjini lilipokea Ijumaa jioni jumbe 24 juu ya kolera, zote kwa Kifaransa, za kusomwa redioni na kutumwa kwa simu. Vijana watatu walizigawanya, kila mmoja nane. Walitafsiri usiku, na Jumamosi asubuhi faili lilikuwa tayari. Liliambatana na karatasi ya kukagua yenye nafasi tano: maana, namna ya kusemesha watu, majina, hesabu, maneno ya mtaani. Nafasi zote tano zilikuwa na alama. Mkubwa wa kazi alitia sahihi, fungu likatoka.

Aliyelizuia ni mama mtangazaji wa redio moja, kwa sababu ana desturi ya kusoma kwa sauti kabla ya kuingia studio. Alipofika kwenye ujumbe wa saba alisimama. Ulikuwa unafundisha jinsi ya kutengeneza maji ya mtoto anayehara pale ambapo hakuna sashe ya SRO nyumbani, na ulisema: vijiko 6 vya sukari na kijiko kimoja na nusu cha chumvi katika litri moja ya maji. Mama huyo amelea watoto watano. Alijua kwa ulimi wake tu kwamba maji hayo hayanyweki.

Kipimo kinachojulikana ni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kikiwa kimesawazishwa juu, si cha kilima. Kifaransa kinasema nusu hiyo kwa maneno mawili, na la kwanza linafanana na “moja”. Kijana aliyechoka akaona moja, akaona nusu, akaandika moja na nusu. Tayari chumvi imekuwa mara tatu. Lakini kulikuwa na kosa la pili: neno la kuonyesha kwamba ni kijiko kidogo, kile cha kukoroga chai, lilikuwa limepotea. Katika nyumba nyingi za Goma, ukisema “kijiko” tu, mtu anachukua kile cha supu, nacho kinabeba vidogo vitatu. Tatu mara tatu ni tisa. Na neno la kusawazisha nalo halikuwepo. Mtoto ambaye maji yamekwisha mwilini, ukimpa chumvi kiasi hicho, unaweza kumletea degedege. Sukari nayo, ikiwa vijiko vikubwa sita, inavuta maji kuelekea tumboni na kuzidisha kuhara.

Shirika lilijibu nini? Kwamba karatasi ya kukagua ilijazwa. Ni kweli, ilijazwa. Hapo ndipo ubaya ulipo. Karatasi ilikuwa moja kwa fungu zima la jumbe 24, na alama moja ya “hesabu” ilidai kwamba hesabu zote za jumbe zote ni sawa. Hakuna aliyeweza kusema ni nani aliangalia ujumbe wa saba, wala saa ngapi. Aliyeweka alama alikuwa mmoja wa wale watatu waliotafsiri, saa kumi za usiku, na alikuwa anakagua kazi ambayo macho yake yameshaizoea. Mtu akisoma maneno yake mwenyewe, anasoma alichokusudia, si kilichoandikwa.

Ukaguzi wa kweli ni mstari mmoja kwa kila ujumbe, na nafasi tano kwenye kila mstari. Maana inatangulia, na haikaguliwi na mtafsiri. Anaitwa mtu ambaye hajaona Kifaransa. Anasoma Kiswahili peke yake, kisha anaeleza kwa mdomo atafanya nini. “Chukua kijiko, onyesha.” Angeonyesha kile cha supu, na kosa lingejitokeza palepale bila mtaalamu yeyote. Hesabu zinakaguliwa mwisho kabisa, kwa sababu kila ukirekebisha sentensi unaweza kuangusha namba. Watu wawili wanakaa pamoja: mmoja anasoma namba za Kifaransa kwa sauti, mwingine anajibu zile za Kiswahili. Kwa jumbe fupi 24, asubuhi moja inatosha. Wanaosema hakuna muda watapata wapi muda wa kurudisha ujumbe uliokwisha kusambaa kwenye simu za watu?

Majina nayo si mchezo katika mji huu. Ujumbe wa kumi na mbili ulitangaza kazi ya kutia dawa kwenye maji Nyiragongo. Kifaransa kilikuwa kinasema juu ya eneo la afya. Kiswahili kilisema “kwenye volkano Nyiragongo”. Kwa watu waliokimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava ilipofika pembezoni mwa mji, jina hilo likisomwa redioni pamoja na neno “haraka” linatosha kujaza barabara ya Sake. Karisimbi ni vilevile: ni komini na ni mlima. Goma yenyewe ni mji, na ndani yake mna komini inayoitwa Goma. Kwa hiyo nafasi ya majina haiulizi tu kama herufi ziko sawa. Inauliza: jina hili ni la kitu gani hapa?

Kuna pia saa. Ujumbe wa kumi na tisa ulikaribisha watu wasikilize kipindi kutoka Kinshasa saa kumi na mbili za jioni, bila kukumbuka kwamba Goma iko saa moja mbele. Wangefungua redio kipindi hakijaanza.

Juu ya namna ya kusemesha watu, makosa yalikuwa machache lakini yanauma. Ujumbe mmoja ulimwambia mama “usiwe muchafu”. Kwenye Kifaransa kulikuwa na mwaliko wa kunawa mikono. Mama wa Majengo anayenunua maji kwa bido hahitaji kutukanwa na mtu aliyelipwa kumsaidia, na akitukanwa anazima redio. Kumwambia “munawe” kwa wingi wa heshima hakugharimu kitu.

Kwenye nafasi ya tano, ile ya maneno ya mtaani, shirika lilijitetea kwa bidii, na huko nako lilikosea. Lilifuta “hopitali”, “sashe” na “bido”, likaweka maneno ya Kiswahili cha mbali ambayo wakaaji wa Birere hawayatumii. Wakati huohuo “mbongo” ilibaki katika ujumbe wa ishirini, pale paliposemwa matunzo ya kolera ni bila malipo. Neno la mtaani ni lile linaloeleweka na vijana wa kona moja tu, au linalofanya ujumbe wa ugonjwa usikike kama maongezi ya baa. “Bido” anaielewa bibi na mjukuu. Kulifuta ni kuharibu maana kwa jina la usafi.

Fungu lilirudishwa, na baada ya ukaguzi wa mstari kwa mstari ujumbe wa saba ulisomwa hivi:

“Mama, baba, kama mtoto anahara na hamuna sashe ya SRO: tieni vijiko vidogo 6 vya sukari, vile vya kukorogea chai, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, ndani ya litri moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Pitisheni kisu juu ya kijiko ili kisijae kilima. Mumunyweshe kidogo kidogo, na mumupeleke upesi kwenye kituo cha afya.”