Namba Iliyokosekana katika Mafumbo ya Hesabu

Mama mmoja wa Kawetele, wilayani Rungwe, alipeleka mikungu 12 ya ndizi katika soko la Tukuyu, akaiuza yote. Mikungu mikubwa aliiuza kwa shilingi 9,000 kila mmoja, na midogo kwa shilingi 5,000 kila mmoja. Baada ya kulipa nauli ya mzigo, shilingi 6,000, je, mauzo hayo yalimbakishia shilingi ngapi?

Namwomba msomaji asiharakishe kuchukua kalamu. Bei hizi nimezibuni kwa ajili ya hesabu tu, lakini fumbo lenyewe ni la aina ambayo kila mwalimu amewahi kuiandika ubaoni. Kasoro yake ni moja: hatukuambiwa mikungu mikubwa ilikuwa mingapi. Hata hivyo, ukilitoa darasani bila kusema neno, utapata majibu mengi. Mwanafunzi mmoja atagawa mikungu sita kwa sita, kwa sababu nusu ndiyo inayoonekana kuwa haki. Mwingine atajumlisha 9,000 na 5,000, azidishe kwa 12, kisha atoe 6,000; naye atakuwa ameuza mikungu 24. Wachache sana watasema kwamba swali halijakamilika.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Yapata mwaka 1980, katika mji wa Grenoble nchini Ufaransa, watafiti wa ufundishaji wa hisabati waliwauliza watoto 97 wa madarasa ya chini swali hili: katika meli mna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri kwa kuziunganisha namba zile. Hawakuwa wajinga. Walikwisha kujifunza kwamba mwalimu hatoi namba bure, na kwamba kila swali lina jibu. Kwa maoni yangu, nasi tunawafundisha wanafunzi wetu kosa hilo hilo tunapowaambia watafute neno la kuwaongoza: wakiona «jumla» wajumlishe, wakiona «kubaki» watoe. Katika fumbo letu mauzo «yalimbakishia» fedha, lakini hakuna kutoa kunakoweza kulitatua peke yake.

Njia iliyo bora ni kuanza kwa kuviorodhesha viasi, si namba. Kiasi ni kitu kinachoweza kuhesabiwa au kupimwa, kiwe kimetajwa thamani yake au hakikutajwa. Neno «kila» ni msaada mkubwa hapa. Penye «kila» pana viasi vitatu vinavyokwenda pamoja: idadi ya vitu, thamani ya kimoja, na thamani ya vyote. Fumbo letu lina «kila» mbili. Ile ya kwanza inatupa bei ya mkungu mkubwa, basi tuulize: idadi yake iko wapi? Haipo. Ya pili inatupa bei ya mkungu mdogo. Idadi yake nayo haipo, ila twajua kwamba idadi zote mbili zikijumlishwa ni 12. Kwa hiyo tukiijua moja, nyingine tumekwisha kuipata. Namba iliyokosekana ni moja tu, nasi sasa tunaweza kuitaja kwa jina: idadi ya mikungu mikubwa.

Tuiite m. Midogo itakuwa 12 − m, na fedha zilizobaki zitakuwa

9,000m + 5,000(12 − m) − 6,000 = 54,000 + 4,000m.

Mlinganyo huu unatueleza mengi kuliko «haiwezekani». Kila mkungu mkubwa unaochukua nafasi ya mdogo unaongeza shilingi 4,000. Na kwa kuwa mama aliuza mikungu ya aina zote mbili, m haiwezi kupungua 1 wala kuzidi 11. Basi fedha zilizobaki zilikuwa kati ya shilingi 58,000 na 98,000.

Sasa tuseme kwamba mikubwa ilikuwa 7. Mauzo ni 63,000 na 25,000, yaani 88,000. Ukitoa nauli, zinabaki 82,000. Tumepata habari yenye namba sita: 12, 7, 9,000, 5,000, 6,000 na 82,000. Zote zimefungwa pamoja na uhusiano mmoja, yaani ule mlinganyo. Mwalimu na afute yoyote kati ya hizo sita: tano zilizobaki zitaitoa. Akifuta 12, mwanafunzi atarudisha nauli juu ya 82,000 apate 88,000, atoe 63,000 za mikubwa, agawe 25,000 kwa 5,000, na kupata midogo 5. Namba inayotafutwa si lazima iwe ile ya mwisho katika hadithi, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa.

Lakini akifuta mbili, 12 na 7, mambo yanabadilika. Mikubwa 7 na midogo 5 inaleta 88,000. Vivyo hivyo mikubwa 2 na midogo 14. Majibu yote mawili ni sahihi, na hakuna kitu katika fumbo kinachotuwezesha kuchagua. Uhusiano mmoja unaweza kuvumilia pengo moja. Yakiwa mawili, hapana budi upatikane uhusiano wa pili.

Kanuni hiyo ina mpaka wake, na mwalimu asipoueleza atawapotosha wanafunzi upande wa pili. Tazama fumbo hili: mtu alipanda mlima kwa mwendo wa kilometa 3 kwa saa, akashuka kwa njia ile ile kwa mwendo wa kilometa 6 kwa saa, wastani wa mwendo wake kwa safari nzima ulikuwa kiasi gani? Urefu wa njia haukutajwa, na mwanafunzi aliyekwisha kuonywa atasema namba imekosekana. Na ajaribu kuweka urefu wowote. Ikiwa njia ni kilometa 6, alipanda kwa saa 2 na kushuka kwa saa 1: kilometa 12 kwa saa 3, wastani 4. Ikiwa ni kilometa 12, alitumia saa 4 na saa 2: kilometa 24 kwa saa 6, wastani ni 4 vile vile. Urefu umejifuta wenyewe. (Atakayejibu 4.5 amesahau kwamba alikaa muda mrefu zaidi katika kupanda.) Lakini swali lingekuwa «alitumia saa ngapi?», urefu ungehitajika.

Jaribio hilo la namba mbili ndilo ningependa kila mwanafunzi awe nalo. Unaposhuku kwamba namba imekosekana, weka thamani moja katika pengo, ukokotoe. Weka nyingine, ukokotoe tena. Jibu likibadilika, namba hiyo ilihitajika. Likibaki lile lile, ni dalili kwamba haikuhitajika. Ili kuhakikisha, weka herufi mahali pake, uone kama inajifuta.

Najua walimu wenzangu watasema kwamba katika mitihani ya taifa maswali huwa yamekamilika, basi kwa nini tupoteze vipindi? Nawajibu kwamba hata maswali yaliyokamilika huficha namba katika maneno, kama vile dazani, juma, au nusu ya njia, na asiyezoea kuorodhesha viasi hupita juu yake bila kuona. Ninapendekeza kwamba katika kila zoezi la maswali kumi liwemo moja lenye pengo, bila ya tahadhari yoyote. Na mwanafunzi atakayeandika chini ya fumbo la mama wa Kawetele kwamba «jibu halijulikani mpaka nielezwe idadi ya mikungu mikubwa, ila halipungui 58,000 wala halizidi 98,000», apewe alama zote.