Nyumba ni yenu, kuibomoa hamruhusiwi

Ukitoka Fort Jesus ukashika Ndia Kuu, nyumba nyingi unazopita zina wenyewe. Lakini mwenye nyumba huko hawezi kuamka tu Jumatatu akaleta nyundo. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mnamo 1990, na tangu 2006 kuna Sheria ya Makavazi na Turathi. Ukitaka kuongeza ghorofa, kung'oa roshani ya mbao au kubadilisha mlango wa nakshi, uende kwanza Makavazi ya Kitaifa, na kaunti nayo inakungoja na kibali chake cha ujenzi.

Vijana wa mtaa huuliza: mbona nipangiwe nyumba ya babu yangu? Swali la haki kabisa. Kiwanja kama hicho kingekuwa Nyali, saa hii kingekuwa na ghorofa za kupangisha. Hapa historia ya mji mzima imetwikwa familia moja.

Hata hivyo, sheria yenyewe siipingi. Kasoro yake ni kwamba inazuia nyundo, haizuii mvua.

Tuseme ni nyumba ya mirathi, warithi kumi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari limebebwa na boriti za mikoko. (Ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba: boriti haivuki mbali, mita tatu hivi.) Bati moja latoboka. Maji yanateremka ndani ya ukuta, palepale kichwa cha boriti kilipolala. Warithi wanabishana nani atoe pesa, mwishowe anaitwa fundi wa simiti kwa kuwa simiti ni ya haraka. Chokaa huacha ukuta upumue. Simiti hufungia unyevu ndani. Baada ya muda plasta inatoa chumvi, inavimba, inabambuka pamoja na vipande vya jiwe. Boriti nayo inaoza kimyakimya, na dalili ni sakafu kubonyea karibu na ukuta. Siku dari likishuka, jengo linaitwa hatari, na jengo la hatari hubomolewa. Hakuna aliyevunja sheria.

Na tusidanganyane, wako wanaoingoja siku hiyo makusudi.

Anayetaka kutengeneza vizuri naye anahangaika. Mikoko haikatwi ovyo, na marufuku ya misitu ya 2018 iliwakwamisha hata wakataji wa Lamu. Sheria moja inakudai boriti, nyingine inakunyima.

Kama serikali inataka nyumba hizi zisimame, kaunti impunguzie kodi ya ardhi yule aliyeziba paa, na Makavazi yaweke ghala la chokaa na boriti ambapo mwenye nyumba atanunua kwa bei nafuu. Kwa sasa, kama nyumba yenu iko huko, panda juu kabla ya masika ukague bati.