Neno la Mhariri: Bibi Harusi Amwiteje Mama Mkwe?

Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya vipindi 36 iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Dou Dou na Mama Wakwe Zake. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Baada yake zimekuja nyingine nyingi, za Kichina na za Kituruki. Leo mtazamaji wa Migori au Homa Bay huweza kuisikia tamthilia kwa Kiswahili, au kuisikia kwa lugha yake huku akisoma maandishi chini ya skrini. Wengi huona kwamba tofauti ni ya urahisi tu: anayejua kusoma asome, asiyejua asikilize. Toleo hili linapinga wazo hilo. Njia hizi mbili huleta familia mbili tofauti nyumbani mwetu, na tofauti yenyewe huanzia katika namna watu wanavyoitana.

Mfano mzuri ni huyo Dou Dou, msichana wa Beijing aliyeolewa na Yu Wei, kijana mwenye mama mzazi na mama wa kambo. Katika desturi ya Kichina, msichana humwita mama wa mchumba wake ayi, jina apewalo mwanamke yeyote wa rika la mama. Siku ya harusi hubadilisha wito mbele ya watu, akasema ma, naye mkwe humpa bahasha ya pesa. Silabi moja imemwingiza katika ukoo.

Mtafsiri wa Kiswahili hapo hukwama. Akiandika “shangazi” badala ya ayi, mtazamaji atadhani bibi harusi anaolewa na binamu yake. Akiandika “mama”, ambalo sisi humwita hata muuza samaki tusiyemjua, basi harusi inapita bila badiliko lolote kusikika. Akikimbilia “mama mkwe”, anamtia bibi harusi mdomoni neno ambalo watu hulisema wanapomtaja mkwe asipokuwapo. Ana kwa ana humwita mama tu.

Maandishi yana shida yake. Mstari hubeba takribani herufi 40, na mistari haizidi miwili, kwa hiyo anayebana maneno hutupa kwanza majina ya heshima. Hata hivyo sauti ya asili inabaki, na msikilizaji makini atasikia ayi ikigeuka ma hata kama hajui Kichina. Sauti ya Kiswahili hufuta ushahidi huo. Kilichopotea humo hakirudi.

Mzaha hufa papo hapo. Chukua bibi harusi aliyekasirika, ambaye baada ya mwaka wa ndoa anamwita tena mkwe wake ayi. Mchina atacheka, maana amemvua umama kwa neno moja. Kwetu atasikika akisema “mama” kama jana, na kicheko cha watu walio kwenye skrini kitamshangaza mtazamaji.

Dawa ipo, tena iko katika desturi zetu. Kabla ya harusi bibi harusi aseme “Mama Yu Wei”, kwa jina la mwana, kama Wajaluo wanavyosema min Otieno. Baada ya harusi aseme “Mama”, basi. Siku ya hasira arudi kwa “Mama Yu Wei”, na Homa Bay nzima itaelewa kwamba amemsukuma mkwe nje ya mlango. Ugumu ni midomo: ayi ni silabi mbili, “Mama Yu Wei” ni nne. Uso ukiwa karibu na kamera, mwigizaji wa sauti hana nafasi, hivyo badiliko hilo lisikike kwanza pale mzungumzaji anapoonekana kwa mgongo.

Kinyume chake, mkwe naye amwiteje mke wa mwanawe? Karachuonyo, mke aliyetoka Kadem ni nyar Kadem maisha yake yote, na wito huo una upendo na heshima ndani yake. Kiswahili cha sauti hizi husema “mwanangu”, neno zuri lisilobeba alikotoka mtu. Salamu nazo zina mpaka: “shikamoo” ya Sirari ni ya kila siku, lakini ukivuka kuingia Isebania inasikika kama ya darasani. Sauti moja inayouzwa nchi zote mbili lazima ichague upande.

Ndiyo maana tunawaomba watafsiri waandae, kabla ya kipindi cha kwanza, jedwali la nani anamwita nani vipi, na ni katika tukio gani wito unabadilika. Vichekesho vitafsiriwe baada ya hapo. Wewe msomaji unaweza kuipima kazi yao: fumba macho wakati wa harusi, usikilize. Usipotambua kwa masikio ni lini mgeni amekuwa mkwe, tafsiri hiyo haijakamilika.