Thamani ya Shamba Siku ya Mauti

Jamaa yangu anayeishi Texas, na ambaye sasa ni raia wa Marekani, aliuza kiwanja cha marehemu babake huko Thika mwishoni mwa mwaka 2024. Alipata shilingi milioni 9.1. Mzee alikinunua mwaka 1978 kwa shilingi 40,000, kwa hivyo jamaa yangu alikuwa na hofu kwamba Marekani, ambayo hutoza raia wake kodi popote wanapochuma, ingehesabu karibu fedha zote kuwa faida.

Hofu hiyo haikuwa na msingi. Kifungu cha 1014 cha sheria ya kodi ya Marekani chasema kwamba mrithi huhesabiwa kana kwamba alinunua mali kwa bei ya soko ya siku aliyofariki mwenyewe. Sheria hiyo yahusu hata ardhi iliyo ng'ambo, na hata kama marehemu hakuwahi kukanyaga Marekani.

Mzee alifariki mwaka 2010, kiwanja kikiwa na thamani ya shilingi milioni 6. Wakati huo dola moja ilikuwa takriban shilingi 80, kwa hivyo gharama ya mrithi ni dola 75,000. Alipouza, dola ilikuwa imefika takriban shilingi 130, na milioni 9.1 zikawa dola 70,000. Kwa shilingi alipata faida, lakini kwa dola alipata hasara ya 5,000! Na kwa vile hakukitumia kiwanja hicho kwa makao yake, hasara hiyo aweza kuidai.

Kodi ya Kenya, ambayo ni asilimia 15 ya faida tangu mwaka 2023, ni hesabu nyingine kabisa yenye kanuni zake.

Ningependa wazee wetu watafakari jambo moja. Wengi huandikisha hatimiliki kwa jina la mwana wangali hai, ili kuepuka kesi za urithi mahakamani. Nia ni njema, ila mbele ya Marekani hiyo ni zawadi, si urithi, na mwenye kupewa hurithi pia gharama ya zamani. Shilingi 40,000 za mwaka 1978 hazikufika dola 6,000. Jamaa yangu angeonekana kuwa na faida ya zaidi ya dola 64,000, na kwa kiwango cha asilimia 15 angelipa karibu dola 10,000.

Tatizo lake lilikuwa ushahidi. Mwaka 2010 hakuna aliyemwita mthamini. Tulishughulika na mazishi na ugomvi wa mipaka. Ilimbidi amlipe mthamini aliyesajiliwa apekue mauzo ya viwanja jirani ya mwaka ule, na kuandika ripoti ya thamani ya siku ile ya mauti. Ripoti kama hiyo hukubalika, lakini ni rahisi zaidi kuipinga kuliko ile iliyoandikwa kaburi likiwa bado bichi.