Mstari usiruke kimya

Mei 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za Korona, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, nazo hazikurejea hadi katikati ya 2021. Chora hesabu hiyo vibaya, na msomaji wa Mbagala au Kinondoni aliyezika jirani kipindi hicho ataoneshwa uongo. Ukirudia 509 kila siku, mstari unalala, kana kwamba hakuna aliyeugua. Ukifuta siku zisizo na taarifa, programu inaunganisha nukta ya kabla ya pengo na ya baada yake kwa mteremko ambao hakuna aliyeupima. Kwenye Excel, kwanza andika tarehe zote bila kuruka hata moja, kisha uache seli za siku hizo tupu kabisa. Usiweke sifuri, maana sifuri ni jibu, na hapa jibu halikutolewa. Halafu, ukishachora chati, kwenye "Hidden and Empty Cells" chagua "Gaps", mstari ukatike. Weka na alama kwenye nukta, kwa kuwa siku moja iliyozungukwa na mapengo haina nyingine ya kuungana nayo, hivyo bila alama haionekani kabisa.