Hunywi Pombe, Lakini Ini Lako Lina Mafuta

Kuna imani moja imekita mizizi Handeni na Korogwe, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye baraza za nyumba, hata kwenye mabenchi ya hospitali: kwamba ini ni ugonjwa wa walevi. Mtu asiyegusa pombe, anayefanya kazi ya jasho na asiye na kitambi cha kutisha, huyo anaaminiwa kuwa anaweza kunywa soda kila siku ya Mungu bila kudhurika. Naipinga imani hii kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu inawaumiza zaidi watu waangalifu: mcha Mungu aliyeikimbia pombe tangu ujana, mama anayejinyima mengi, kijana anayejitunza.

Soda kwetu imepewa heshima. Mgonjwa hupelekewa wodini, mgeni huagiziwa dukani kabla hajavua viatu, abiria hununuliwa dirishani basi linaposimama Korogwe au Segera. Na Handeni, ambako shida ya maji imewaandama watu miaka nenda miaka rudi, mtu asiyeyaamini maji anaona heri chupa iliyofungwa kiwandani. Sababu hiyo naielewa kabisa. Lakini ini halipokei sababu, linapokea sukari.

Tuhesabu. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, nyingine zaidi. Ni kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema ni heri zaidi mtu mzima akomee kwenye vijiko sita hivi vya sukari ya kuongezwa kwa siku, pamoja na ile ya chai. Sasa mchukue dereva wa bodaboda wa stendi ya Korogwe anayekunywa soda mbili, ya saa nne na ya alasiri jua linapowaka. Kwa mwaka anamaliza zaidi ya kilo 25 za sukari kwa soda peke yake, yaani nusu ya gunia la kilo 50. Kwa miaka kumi ni magunia matano, yote yamepita kooni bila kutafunwa na bila kumshibisha, maana chakula cha mchana bado anakula kama kawaida.

Nusu ya sukari hiyo ni glukosi, na nusu ni fruktosi. Glukosi husambaa mwilini, misuli ikaitumia, ubongo ukaitumia. Fruktosi nyingi huishia kwenye ini, na ini halina namna ya kusema basi. Ikija kidogo kidogo, kama kwenye chungwa la Kabuku lenye nyuzinyuzi zake, ini huimudu. Ikija yote kwa mara moja, ndani ya dakika tano za kunywa soda baridi, sehemu yake hugeuzwa mafuta. Mafuta mengine hupelekwa kwenye damu, mengine hubaki pale pale ndani ya ini.

Watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha mwaka 2021 jaribio lao kwa vijana wa kiume 94, wazima wa afya na wembamba. Baadhi yao walipewa vinywaji vyenye gramu 80 za sukari kwa siku, kiasi cha soda mbili na ushee, kwa wiki saba. Uzito wao haukupanda. Hata hivyo kasi ya ini kutengeneza mafuta ilikuwa mara mbili ya wale ambao hawakupewa vinywaji hivyo. Waliopewa glukosi tupu hawakuonyesha badiliko hilo. Kwa hiyo anayejitazama kwenye kioo, akaona tumbo bapa na kujipa moyo, anatazama mahali pasipo na jibu.

Nitawatendea haki wanaotetea jasho. Mkata mkonge wa Ngombezi au Hale anayeinama tangu alfajiri anachoma nguvu nyingi, na kazi ya misuli kweli hupunguza madhara ya sukari. Lakini dereva wa bodaboda anakaa. Muuza duka anakaa. Na mkata mkonge akishapandishwa kuwa msimamizi, shamba linabaki nyuma na soda inaendelea naye.

Kinachofuata ndicho kinachodanganya watu. Insulini ni homoni ya kongosho, na mojawapo ya kazi zake ni kuliambia ini liache kumwaga sukari kwenye damu mtu anapokuwa ameshiba. Ini lililojaa mafuta huanza kutoitii amri hiyo. Usiku umelala, lenyewe linamwaga sukari kupita kiasi. Kongosho linaongeza insulini, ini linazidi usugu, kongosho linaongeza tena. Muda wote huo ukipima sukari ya kidole asubuhi kabla ya kula, namba inasoma vizuri, pengine 5.2, na unaambiwa huna tatizo. Ni kweli huna kisukari. Una kongosho linalofanya kazi maradufu, na hali hiyo inaweza kudumu miaka kumi kabla halijachoka. Siku namba inaposoma 9, jamaa watasema kisukari kimemwingia ghafla.

Zipo dalili za mapema, tukizitazama. Ngozi ya nyuma ya shingo au ya kwapani hugeuka nyeusi na nene, kama mahameli. Nimeona akina mama wakiwasugua watoto shingo kwa dodoki mpaka mtoto analia, wakidhani ni uchafu. Rangi ile haitoki kwa sabuni, kwa sababu inaletwa na insulini iliyozidi. Dalili nyingine unaipima kwa kamba: chukua urefu wako, ukunje kamba nusu, izungushe kiunoni kwenye kitovu. Isipofika, una sababu ya kwenda kupimwa. Ultrasaundi huonyesha ini linalong'aa kuliko kawaida, ingawa mafuta yakiwa bado machache inaweza isiyaone.

Kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu, rudi nyumbani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 kutoka vijiji sita vya Tanzania, chini ya Profesa McLarty wa Muhimbili, ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja kati ya mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta tisa kati ya mia. Vipimo na umri wa waliopimwa vilitofautiana, na soda si mkosaji pekee. Umo urithi, umo ugali mwingi wa sembe, imo chai ya vijiko vitano. Ila kati ya hivyo vyote, soda ndiyo rahisi kuliko vyote kuiacha, maana haina lishe yoyote ambayo mwili utaikosa.

Na ini husamehe, mradi halijafika kwenye makovu. Huko San Francisco, Marekani, watoto wanene 41 waliozoea sukari walipunguziwa fruktosi kwa siku tisa tu, wakapewa vyakula vya wanga badala yake ili wasikose nguvu. Mafuta ya ini yao yalishuka kutoka asilimia 7.2 hadi 3.8.

Kwa hiyo nakusihi, wewe wa Chanika, Mkata, Manundu au Mombo: soda iache ibaki ya harusi na ya sikukuu. Chemsha maji, yapoze kwenye mtungi, uyabebe kwenye chupa yako kijiweni. Mgonjwa mpelekee machungwa badala ya kreti. Na kama shingo imeanza kuwa nyeusi au kamba haikufika, nenda kapime mwezi huu, hata kama hujawahi kuonja pombe maishani mwako.